Mnyoo, Kiungo na Maji: Habari za Jangwa la Arrakis

Mwaka 1957 mwandishi wa magazeti wa Marekani, Frank Herbert, alisafiri kwa ndege ndogo hadi Florence, mji wa pwani ya Oregon, kutazama namna wizara ya kilimo ilivyozuia matuta ya mchanga yasifukie barabara na nyumba. Dawa ilikuwa majani: mizizi ikishashika tuta, upepo hukosa cha kubeba. Makala aliyoikusudia haikuchapishwa. Baada ya miaka ya kusoma habari za majangwa na wakazi wake, ilizaliwa riwaya ya Dune, iliyoanza kutoka kwa mafungu katika jarida la Analog mwezi Desemba 1963 na kuwa kitabu mwaka 1965.

Sayari ya jangwa aliyoibuni, Arrakis, imejengwa juu ya mnyama mmoja, na mengine yote yanafuata kutoka kwake. Mnyama huyo ni mnyoo wa mchangani, ambaye wakubwa wake hufikia urefu wa mamia ya mita. Wadogo wake huishi chini ya mchanga na huyazingira maji popote yalipo, wakiyafungia ndani kwa miili yao. Kwa hiyo nchi ni kavu kwa sababu ya mnyama, si kwa sababu ya jua pekee. Maji hayo yakichanganyika na taka za wadogo hao, hewa hujikusanya chini mpaka ardhi ipasuke. Kinacholipuka juu, kikishapigwa na jua na upepo, ndicho kiungo: bidhaa ambayo dola zima linaigombania. Mnyoo mkubwa, kinyume cha wadogo wake, huuawa na maji.

Safari za Wafremen, wenyeji wa jangwa hilo, zinatokana na tabia moja ya mnyoo: huja pale anaposikia mdundo wa mapigo yaliyo sawa. Anayetembea kwa miguu basi huvuruga hatua zake. Huburuta mguu, husimama, hukanyaga mara mbili, kama mchanga unaojiporomokea wenyewe. Anayetaka kipando hufanya kinyume chake. Huchomeka mchangani kigongeo kinachopiga mapigo yaliyo sawa na kusubiri kando. Mnyoo akipita, mpandaji hunasa ukingo wa pingili moja kwa kulabu na kuufunua. Mnyoo hataki mchanga uingie kwenye nyama laini, hivyo hujiviringisha ili upande ulio wazi uelekee juu, na mpandaji huinuliwa naye hadi mgongoni. Maadamu pingili iko wazi, mnyama hazami. Akichoka huachwa, akaitwa mwingine. Ndiyo maana Wafremen huhesabu masafa kwa vigongeo: kituo cha mbali kusini ni safari ya vigongeo 20. Hapa ndipo ubuni wa Herbert ulipo imara kuliko kwingine, kwani hata kipimo cha njia kimetoka kwa mnyama.

Chakula chao kimejaa kiungo, kahawa pia, na rangi yake huingia machoni hadi weupe wote wa jicho ugeuke buluu. Mgeni hutambulika kwa kumtazama tu.

Mila zinafuata hesabu ya maji. Kiongozi wao Stilgar anapofika barazani kwa mtawala mpya, anatema mate juu ya meza. Walinzi wanakaribia kumrukia; mmoja anayezijua desturi za jangwani anamshukuru kwa kutoa unyevu wa mwili wake, kisha naye anatema. Maiti pia hukamuliwa maji, nayo ni mali ya kabila. Mfremen mmoja, Jamis, anapouawa katika pambano, maji yake yanapimwa, lita 33 na ushei, na aliyemshinda anakabidhiwa pete za chuma zinazosimamia kiasi hicho. Mshindi huyo anapotokwa na machozi mazishini, watu wananong'ona kwa mshangao kwamba anampa marehemu maji.

Kasoro ipo kwenye vazi. Wafremen huvaa nguo inayonasa jasho na kulirudisha kuwa maji ya kunywa, ikipoteza kiasi cha kujaza kastabini tu kwa siku. Lakini jasho hupoza mwili kwa kuondoka na joto lake. Likigeuzwa tena kuwa maji ndani ya nguo, joto lilelile hurudi, na bila njia ya kulitoa nje mvaaji angepikwa. Herbert aliihesabu hasara ya maji kwa makini, lakini kuhusu joto alitaja tu nyuzi za kulihamisha, bila kueleza linatokaje nje.

Katika kiambatisho cha riwaya, majani ya Oregon yanarudi. Mwanaikolojia Pardot Kynes anawafundisha Wafremen kuyapanda kwenye matuta, upande usiopigwa na upepo, kisha mimea mikubwa zaidi, kazi anayoikadiria kuchukua miaka 300 hadi 500. Sehemu ya jangwa inabidi iachwe kame makusudi, kwa kuwa maji yakienea kote mnyoo atakufa, na kiungo na kipando vitakwisha pamoja naye.