Springi, pistoni na plastiki inayochoka

Ukanda wa plastiki ya poliethilini unaoning'inizwa na kufungiwa uzito hurefuka mara moja, kama chuma kinavyofanya. Tofauti huanza baadaye. Chuma kikikaa na uzito uleule kwa mwezi mzima katika joto la kawaida, hakionyeshi badiliko lolote la maana. Plastiki huendelea kurefuka kidogo kidogo, saa baada ya saa, ingawa hakuna aliyeongeza hata gramu moja. Huo ndio mtambao. Ukanda huohuo ukivutwa na kubanwa ncha zote mbili ili urefu wake usibadilike, huonyesha upande wa pili wa tabia hiyo: nguvu inayohitajika kuushikilia hupungua kadiri muda unavyopita. Hapo mkazo umelegea. Historia ya namna wanasayansi walivyoyaeleza mambo haya mawili kwa springi na pistoni ndani ya mafuta ilianza muda mrefu kabla ya plastiki kuwapo, na ilianza kwenye hariri.

Mwaka 1835, huko Göttingen, Ujerumani, mwanafizikia Wilhelm Weber alichapisha uchunguzi wake juu ya nyuzi za hariri. Yeye na Carl Friedrich Gauss walikuwa wakizitumia kuning'iniza sumaku za vipimo vyao vya usumaku wa dunia, na uzi usiotulia ulikuwa ukiharibu usomaji. Weber aliona kwamba uzi ukipachikwa uzito hurefuka kwa hatua mbili, ya kwanza ya papo hapo na ya pili ya polepole. Uzito ukiondolewa, hufupika kwa hatua mbili vilevile. Sehemu hiyo ya pili haikuwa na nafasi katika sayansi ya wakati huo. Kanuni ya Robert Hooke, iliyotangazwa mwaka 1678, ilisema kwamba mvuto hulingana na urefu ulioongezeka, na haikutaja muda popote. Isaac Newton naye, mwaka 1687, alikuwa amependekeza kwamba ukinzani wa kimiminika hulingana na kasi ya tabaka zake kuteleza moja juu ya nyingine. Kwa hiyo vitabu vilikuwa na kitu kigumu kisichojali muda, na kimiminika kisichokumbuka umbo lake. Hariri ya Weber ilikuwa na tabia za vyote viwili.

Aliyeziunganisha kanuni hizo katika mlinganyo mmoja ni James Clerk Maxwell, katika makala yake ya mwaka 1867 juu ya nadharia ya gesi. Lengo lake lilikuwa kueleza mnato wa gesi, wala si ulegevu wa vitu vigumu. Alifikiria kitu ambacho mkazo wake hupanda pale kinapovutwa, lakini wakati huohuo huvuja wenyewe, kwa kasi inayolingana na kiasi cha mkazo kilichobaki. Muda unaotawala uvujaji huo aliuita muda wa kulegea. Muda huo unapopita mara moja, mkazo hubaki takriban asilimia 37 ya ule wa mwanzo, ukipita mara mbili hubaki asilimia 14, na kadhalika. Maxwell hakuchora springi wala pistoni. Alichotoa ni wazo ambalo bado ndilo kiini cha somo lote, kwamba ugumu au umiminika wa kitu hutegemea muda wa kukipima ukilinganishwa na muda wake wa kulegea.

Picha ilikuja baadaye. Kitabu cha John Henry Poynting na J. J. Thomson kuhusu sifa za maada, kilichotoka mwaka 1902, ni miongoni mwa vya kwanza kueleza tabia hii kwa vifaa vya kimakanika. Springi inawakilisha kanuni ya Hooke. Kanuni ya Newton inawakilishwa na silinda iliyojaa mafuta mazito, yenye pistoni isiyobana sana ndani yake, kiasi kwamba mafuta hupenya pembeni mwa pistoni inaposogea. Kila fundi gari anakijua kifaa hicho kwa jina la shokapu. Shokapu ikisukumwa kwa ghafla hukataa, na ikisukumwa taratibu husogea hadi mwisho, na ikiachwa hairudi yenyewe pale ilipokuwa.

Vifaa hivyo viwili vinaweza kuunganishwa kwa namna mbili. Vikifungwa kimoja nyuma ya kingine, ndio muundo wa Maxwell. Ukivutwa na kushikiliwa, springi hunyooka mara moja, kisha pistoni huteleza taratibu na kuifanya springi ifupike, na mkazo hushuka. Kulegea kwa mkazo kunaelezwa vizuri hapo. Mtambao hauelezwi vizuri, kwa sababu chini ya uzito wa kudumu pistoni huteleza kwa kasi ileile bila kikomo, kana kwamba plastiki ni lami. Vikifungwa sambamba, bega kwa bega, ndio muundo unaobeba majina ya Kelvin na Woldemar Voigt. Kelvin alikuwa amechunguza jinsi mtikisiko unavyofifia ndani ya nyaya za metali mwaka 1865, na Voigt alieleza msuguano wa ndani wa vitu vigumu katika miaka ya 1890. Katika muundo huu pistoni huichelewesha springi, hivyo kitu hurefuka polepole na kusimama springi inapobeba uzito wote. Mtambao unapatikana, lakini hatua ya kwanza ya papo hapo, ile ambayo Weber aliiona wazi, imepotea. Isitoshe, muundo huu hauwezi kulegea: ukishikiliwa kwa urefu usiobadilika, pistoni haisogei, na springi hubaki na mvuto wake daima.

Kila muundo, basi, unaeleza nusu ya jambo. Suluhisho rahisi kuliko yote ni kuongeza springi moja. Springi ya kudumu huwekwa sambamba na jozi ya Maxwell, na vipande hivyo vitatu hutoa hatua ya papo hapo, mtambao wenye kikomo, na kulegea kusikofika sifuri. Muundo huu mara nyingi huitwa kwa jina la Clarence Zener, Mmarekani aliyeuendeleza katika kitabu chake cha mwaka 1948 kuhusu metali. Thamani yake huonekana zaidi tarakimu zinapoingizwa.

Chukua ukanda wa plastiki wenye urefu wa mita 1, upana wa milimita 50 na unene wa milimita 2. Tuseme ukakamavu wake wa papo hapo ni megapaskali 1,000. Kati ya hizo, 300 ni za springi ya kudumu, na 700 ni za springi iliyo kwenye jozi, ambayo muda wake wa kulegea ni saa 100. Tarakimu hizi ni za mfano, lakini ziko katika kiwango cha poliethilini ngumu. Uzito wa kilo 20 unaipa plastiki hiyo mkazo wa takriban megapaskali 2. Mara tu uzito unapoachiliwa, ukanda hurefuka milimita 2. Baada ya wiki mbili umefika milimita 5, na ukiachwa muda mrefu sana utasimama karibu na milimita 6.7, zaidi ya mara tatu ya kipimo cha papo hapo. Mhandisi aliyepima kwa dakika tano tu na kusanifu rafu au kishikizo kwa kipimo hicho angekuwa amekosea kwa kiasi hicho.

Sasa ukanda uleule uvutwe milimita 2 na kubanwa hapo. Mkazo unaanza na megapaskali 2, baada ya saa 100 umeshuka hadi 1.12, baada ya saa 200 hadi 0.79, na hauteremki chini ya 0.6. Hiyo ndiyo sababu kifuniko au kiungio cha plastiki kilichokazwa barabara siku ya kufungwa kinaweza kuanza kuvuja baada ya majuma kadhaa, ingawa hakijapasuka wala nati haijazunguka. Kilichopungua ni msukumo wa plastiki yenyewe dhidi ya kizibo. Jambo moja katika hesabu hii huwashangaza wanafunzi wengi. Muda unaotawala mtambao si saa 100 bali ni kama saa 333. Ukanda wenye uzito huchukua muda mrefu zaidi kutulia kuliko ukanda uliobanwa, kwa kuwa springi ya kudumu hubebeshwa mzigo kidogo kidogo kadiri pistoni inavyoachia. Anayechukua muda wa jaribio moja na kuutumia kwa jingine atapata jibu lisilo sahihi.

Ndani ya plastiki hakuna springi wala mafuta. Tangu Hermann Staudinger alipodai mwaka 1920 kwamba polima ni molekuli ndefu mno zilizoungana kwa vifungo vya kawaida vya kemia, ilianza kueleweka kinachosogea. Poliethilini ni minyororo ya maelfu ya atomi za kaboni iliyosokotana. Mvuto wa ghafla hunyoosha na kupindisha vifungo, na hiyo ndiyo kazi ya springi. Muda unapopita, vipande vya minyororo hupenyezana na kuteleza, na hiyo ndiyo kazi ya pistoni. Vipande vifupi huhama upesi, virefu huchelewa sana. Hapo ndipo udhaifu wa muundo wa vipande vitatu unapojitokeza. Una muda mmoja tu wa kulegea, ilhali plastiki ina nyakati nyingi mno. Kasoro hiyo ni rahisi kuitambua: matokeo yakichorwa kwa kipimo cha logi cha muda, muundo hushuka kwa mkupuo mmoja kisha hulala bapa, lakini plastiki halisi huendelea kuteremka kwa mteremko mpole kutoka sekunde hadi miaka. Emil Wiechert alikuwa amekwisha kutoa njia mwishoni mwa karne ya 19, nayo ni kupanga jozi nyingi za Maxwell sambamba, kila moja na muda wake.

Muundo wa namna hiyo huhitaji vipimo vya muda mrefu. William Findley wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, alichapisha mwaka 1987 matokeo ya mtambao wa PVC na poliethilini zilizokaa chini ya mzigo kwa miaka 26. Wachache wanaweza kusubiri hivyo, kwa hiyo njia ya kawaida ni joto. Joto huipa minyororo nafasi ya kuteleza haraka, na mwaka 1955 Malcolm Williams, Robert Landel na John Ferry walitoa mlinganyo wa kukadiria jinsi nyakati zote za kulegea zinavyofupika joto linapopanda juu ya kiwango ambapo plastiki hulainika. Kwa uhusiano huo wa joto na muda, jaribio la saa chache katika joto kubwa linaweza kusimama badala ya jaribio refu katika joto dogo, alimradi muundo wa ndani wa plastiki haubadiliki njiani na mkazo ni mdogo. Mkazo ukizidi, springi na pistoni hazilingani tena na mzigo, na hesabu zote zilizotangulia hupoteza uhalali.

Mabomba meusi ya maji ya poliethilini yenye maandishi PE 100 yamesanifiwa kwa fikra hiyohiyo. Namba hiyo inamaanisha kwamba nyenzo yake inatarajiwa kustahimili mkazo wa angalau megapaskali 10 kwa miaka 50, maji yakiwa kwenye nyuzijoto 20, na makadirio hayo hutokana na majaribio mafupi zaidi katika joto la juu. Katika nyuzijoto 30 shinikizo linaloruhusiwa hupunguzwa hadi asilimia 87 ya lile lililoandikwa, na katika 40 hadi asilimia 74. Bomba la bar 10 linalopita juu ya ardhi kwenye jua la Mombasa au Dar es Salaam, maji yakifika nyuzijoto 40, linapaswa kupewa bar 7.4 tu.