Marudi ya kovariansi

Marudi ya kovariansi ni hatua ya kulirekebisha jedwali la kovariansi lililokokotolewa kutokana na mapato ya hisa yaliyopita, kabla jedwali hilo halijatumika kupima hatari ya mfuko wa hisa au kugawa uzito wa kila hisa. Jedwali la data huchanganywa na jedwali la pili lililo rahisi, liitwalo shabaha. Fomyula yenyewe ni fupi:

```
S* = d·F + (1 − d)·S
```

S ni jedwali la data, F ni shabaha, na d ni kiwango cha marudi, namba iliyo kati ya 0 na 1. Wapo wanaoiita hatua hii "upunguzaji wa kovariansi". Jina hilo linaonekana kupitishwa na watu waliosoma kichwa cha habari wasiisome fomyula, kwa sababu kinachotokea ndani ya jedwali si kupungua.

Kosa linaonekana wazi kwenye shabaha iliyopendekezwa na Olivier Ledoit na Michael Wolf katika makala yao ya mwaka 2004 kuhusu hisa. Shabaha hiyo huacha variansi ya kila hisa kama ilivyo, kisha huchukua korelesheni za jozi zote, hutafuta wastani wake, na kuipa kila jozi wastani huo mmoja. Jedwali linapochanganywa na shabaha ya namna hii, jozi yenye korelesheni kubwa kuliko wastani hushuka, na jozi iliyo chini ya wastani hupanda. Variansi zilizo kwenye ulalo hazibadiliki hata kidogo. Basi katika jedwali linalodaiwa "kupunguzwa", sehemu moja imeshuka, nyingine imepanda, na nyingine imekaa palepale. Wapo waliojaribu kuokoa hali kwa neno "usinyazaji". Hao wamehama kutoka kosa la hesabu wakaingia kosa la picha, maana kinachosinyaa ni jani au ngozi, nacho hakirudi kamwe kuwa kizuri.

Neno "rudi", ambalo asili yake ni kitenzi cha Kiarabu "radda", linabeba maana tatu katika Kiswahili, na zote tatu zinahitajika hapa. Kwanza ni kurejea mahali. Pili, nguo iliyofuliwa ikapungua kipimo husemwa kuwa imerudi. Na picha hiyo imo pia kwenye neno la Kiingereza linaloitaja hatua hii, "shrinkage", kwa hiyo anayetaka uaminifu kwa asili anao. Tatu, kumrudi mtu ni kumtia adabu, kumwondoa kwenye ukaidi na kumweka kwenye mstari. Kutokana na maana hii ya tatu Kiswahili kikapata jina "marudi". Si "marudio", ambayo ni kitu kufanyika tena. Korelesheni iliyoruka mbali na wenzake kwa sababu ya bahati tu hurudishwa kuelekea wastani wao, na kurudishwa huko ni kurekebishwa. Waliotafuta neno jipya wangeweza kulifungua kamusi kwanza.

Pamoja na hayo, historia ya dhana yenyewe inaelekea kwenye kurejea. Francis Galton, mwaka 1886, alieleza jinsi watoto wa wazazi warefu mno wanavyoelekea kimo cha wastani. Miaka 70 baadaye, mwaka 1956, Charles Stein alithibitisha jambo lililowashangaza wanatakwimu: mtu anayekadiria wastani tatu au zaidi kwa pamoja anaweza kupunguza jumla ya makosa yake kwa kuyavuta makadirio yote kuelekea mahali pamoja, kuliko kuliacha kila kadirio lijitegemee. Ledoit na Wolf walilitumia wazo hilo kwenye kovariansi.

Haja ya marudi huonekana upesi katika soko dogo. Chukulia chama cha wapangaji wa Pipeline, Embakasi, kinachoweka akiba kila mwezi na kununua hisa katika Soko la Hisa la Nairobi kupitia dalali. Mweka hazina ameamua kutazama kampuni 20, idadi ileile ya kampuni zinazounda faharasa ya NSE 20, na ana mapato ya kila mwezi ya miaka miwili. Kampuni 20 zina jozi 190. Ukiongeza variansi 20, namba za kukadiria ni 210, na kila mojawapo inategemea miezi 24 tu.

Miezi 24 ni michache mno kwa kazi hiyo. Korelesheni ambayo ukweli wake ni 0.4, ikikadiriwa kwa miezi 24, huwa na kosa sanifu la takriban 0.17. Kwa hiyo kuiona ikitokea kama 0.1 au kama 0.7 si ajabu. Kosa la jozi moja lingevumilika, lakini hizi ni jozi 190, na atakayezipanga kuanzia kubwa hadi ndogo atakuta kileleni zile zilizo juu kweli pamoja na zile zilizoinuliwa na bahati. Kadiri namba inavyokuwa ya kupindukia, ndivyo inavyozidi kuwa na uwezekano wa kubeba kosa. Hapo ndipo marudi yanapopata uhalali wake: huzigusa sana namba zilizo mbali na wastani, na zilizo karibu nao huzigusa kidogo.

Hatari huja jedwali linapokabidhiwa kanuni ya kugawa uzito, ile iliyotokana na kazi ya Harry Markowitz ya mwaka 1952. Kanuni hiyo hutafuta mchanganyiko wa hisa ulio mtulivu kuliko yote, na katika jedwali lenye kelele mchanganyiko unaoonekana mtulivu kupita kiasi mara nyingi ni ule uliopendelewa na makosa. Vladimir Marchenko na Leonid Pastur walionyesha mwaka 1967 ukubwa wa upotofu huo. Hisa 20 zisizohusiana kabisa, zenye variansi sawa, zikipimwa kwa miezi 24, zitatoa mchanganyiko mmoja unaoonekana kuwa na variansi ya karibu sehemu moja kwa mia ya ile ya kweli. Kanuni itaukimbilia.

Mfano wa hisa mbili unatosha kuonyesha jinsi hasara inavyotokea. Namba ni za kufundishia. Kati ya zile 20, hisa A ina mkengeuko sanifu wa asilimia 6 kwa mwezi, na hisa B asilimia 8. Data ya miezi 24 inadai korelesheni yake ni 0.9. Variansi ni 36 na 64, na kovariansi ni 6 × 8 × 0.9, yaani 43.2. Uzito wa A unaoipa jozi hii variansi ndogo kabisa hupatikana kwa kutoa kovariansi katika variansi ya B, kisha kugawanya kwa jumla ya variansi zote mbili iliyotolewa kovariansi mara mbili: 20.8 kwa 13.6, ambayo ni 1.53. Chama kinaambiwa kiweke asilimia 153 ya fedha zake kwenye A, na kiuze B, ambayo hakina, ya thamani ya asilimia 53 ya fedha hizo. Kinaahidiwa pia mkengeuko wa asilimia 5.7.

Sasa wastani wa korelesheni za jozi zote 190 uwe 0.4, na kiwango cha marudi kiwe 0.5. Korelesheni ya A na B inakuwa 0.65, kovariansi inakuwa 31.2, na uzito wa A unashuka hadi 0.87, B ikipata 0.13. Huo ni mgawanyo ambao dalali anaweza kuutekeleza. Tukichukulia kwamba 0.65 ndiyo hali halisi, ule mgawanyo wa kwanza utakuwa na mkengeuko wa asilimia 7.2, si 5.7 iliyoahidiwa, na huu wa pili utakuwa na 5.95. Hata kununua A peke yake, bila hesabu yoyote, kungetoa 6. Jedwali ghafi limemfanya mwekezaji alipie hesabu yake kwa hatari zaidi.

Kiwango cha marudi hakichaguliwi kwa kubahatisha. Ledoit na Wolf walitoa njia ya kukikadiria kutokana na data yenyewe: hupanda pale makadirio ya jedwali ghafi yanapoyumba, hushuka pale shabaha inapokuwa mbali na data, na hupungua kadiri miezi inavyoongezeka. Atumiaye Python atakutana na mistari hii:

```python
from sklearn.covariance import LedoitWolf
S_marudi = LedoitWolf().fit(R).covariance_
```

R ni jedwali la mapato, mwezi kwa mstari na hisa kwa safu. Tahadhari ni kwamba shabaha ya amri hii ni nyingine: kovariansi zote huvutwa kuelekea sifuri, na variansi huvutwa kuelekea wastani wake. Watetezi wa "upunguzaji" watafurahia hilo, na kwa kovariansi wana haki kiasi. Ila jumla ya variansi haipungui hata senti. Hisa tulivu huongezewa ilhali zenye misukosuko hupunguziwa.

Yapo ambayo marudi hayawezi kuyatibu. Hisa kadhaa za Nairobi hupita siku bila kuuzwa, na bei yake hubaki ileile huku Safaricom na benki kubwa zikisogea. Mapato ya kila siku ya hisa hizo hujaa sifuri, na korelesheni yake na nyingine huonekana ndogo kuliko ilivyo. Huo ni upendeleo wa upande mmoja, si kelele, na wastani unaotumika kama shabaha umeshushwa nao pia. Dawa ni kutumia mapato ya wiki au ya mwezi kabla ya kufikiria marudi, na kurekebisha bei kwa gawio na kwa hisa za bonasi.

Faida nayo ina mpaka. Ravi Jagannathan na Tongshu Ma walionyesha mwaka 2003 kwamba kukataza uzito ulio chini ya sifuri hufanya kazi inayofanana na marudi. Mwekezaji mdogo asiye na njia ya kuuza hisa asiyokuwa nayo tayari ameshapata sehemu ya adabu hiyo bila kuiomba. Kwake marudi hubaki na kazi ya kusahihisha zaidi kipimo cha hatari kuliko mgawanyo. Njia ya kupima ni moja: kokotoa uzito kwa miaka miwili, uache bila kuugusa kwa miezi 12 inayofuata, kisha linganisha mkengeuko ulioahidiwa na uliotokea. Ahadi ikiwa ndogo mno mwaka baada ya mwaka, jedwali halijarudiwa vya kutosha.

Wahariri wanaotayarisha vitabu vya takwimu na fedha kwa Kiswahili wanaombwa waandike "marudi ya kovariansi" na kitenzi chake "kuirudi kovariansi", na neno "upunguzaji" waliachie mambo yanayopungua.