Mkono Uliofundishwa na Mkono

Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika maabara ya Argonne karibu na Chicago, Raymond Goertz alikuwa na kazi ya kuwakinga watu na mionzi. Vitu vya nyuklia havikuweza kushikwa kwa mkono, kwa hiyo alitengeneza mikono ya chuma iliyofanya kazi nyuma ya ukuta mnene. Mtu alishika mkono mmoja upande wa salama, na mwenzake upande wa pili ukafuata kila alichofanya. Kufikia mwaka 1954 mikono hiyo ilikuwa ikiunganishwa kwa umeme. Lakini mtu alipoondoka, mkono wa chuma haukubaki na lolote kichwani.

Hatua ya kuifundisha mashine kwa kuiga ilikuja kwa njia ya barabarani. Mwaka 1988 Dean Pomerleau wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alieleza mfumo wa ALVINN, mtandao mdogo wa neva uliopokea picha ya barabara na kutoa mzunguko wa usukani. Hapo ndipo tatizo kuu la fani hii lilipoonekana. Dereva mzuri hukaa katikati ya njia, kwa hiyo mwanafunzi wake haoni kamwe gari likiwa limepinda pembeni. Akiteleza kidogo, anafika mahali ambapo hajawahi kuonyeshwa, anakosea zaidi, na kosa linazaa kosa. Pomerleau alitibu hilo kwa kuzisogeza picha kando, kana kwamba gari limepotoka, na kuzipa jibu la kulirudisha njiani. Mwaka 2011 Stéphane Ross na wenzake walipendekeza dawa nyingine: mwache mwanafunzi aendeshe, kisha mwalimu aeleze angefanya nini katika kila hali ambayo mwanafunzi ameifikia.

Mwaka 2023 Tony Zhao wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliirudia mikono pacha ya Goertz, safari hii wakiwa na nia ya kufundisha. Mfumo wao, ALOHA, uligharimu chini ya dola 20,000. Mtu hushika mikono miwili midogo, na mikono miwili mikubwa huifuata. Mara 50 kwa sekunde kompyuta hunasa picha za kamera nne pamoja na pembe za viungo vyote.

Chukua kazi ya kutia betri kwenye rimoti. Mkono wa kulia unaiweka betri kwenye nafasi yake, wa kushoto unaizuia rimoti isiteleze, kisha wa kulia unaisukuma betri dhidi ya springi. Katika kusukuma huko mkono mfuasi umekwama kwenye betri, lakini mkono wa mwalimu unaendelea kwenda mbele. Pengo kati ya hiyo miwili ndilo linaloamua nguvu ya kusukuma. Kwa sababu hiyo, kinachorekodiwa kama kitendo cha kuigwa ni mahali ulipo mkono wa mwalimu. Wangerekodi mahali ulipo mkono mfuasi, roboti ingejifunza kuigusa betri tu bila kuisukuma.

Kwa kazi hiyo maonyesho 50 yalitosha, kila moja likichukua sekunde chache. Ili kupunguza kosa kuzaa kosa, mtandao haukuulizwa kitendo kimoja kimoja. Ulitabiri vitendo 100 kwa mkupuo, yaani sekunde mbili za mwendo. Vitendo vikiwa vimefungwa pamoja, nafasi za kupotoka hupungua. Katika majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta, wastani wa ufanisi ulipanda kutoka 1% kwa kitendo kimoja hadi 44% kwa vitendo 100.

Hata hivyo, mtandao kuiga vizuri data ya mafunzo si ushahidi kwamba roboti inaweza kazi. Lazima iachwe ifanye yenyewe, vitu vikiwekwa mahali tofauti kila mara. Walifanya majaribio 25 kwa kila kazi na kuandika kila hatua peke yake. Betri iliingia mara 24. Kupitisha ukanda mweusi wa kufungia nyaya kwenye tundu lake kulifaulu mara 5 tu, ingawa kazi hiyo ilipewa maonyesho 100. Hesabu ya hatua ilionyesha ilikoharibika: ukanda uliinuliwa mara 23, ukapokewa na mkono wa pili mara 10, ukapenya mara 5. Ukanda ulikuwa mwembamba na mweusi mbele ya mandhari nyeusi, kwa hiyo kamera hazikuuona vizuri.

Kwa hiyo asilimia ya mwisho peke yake haitoshi kuupima mkono wa roboti. Anayetangaza ufanisi aseme pia alijaribu mara ngapi, vitu viliwekwaje, na ni hatua ipi iliyoangusha kazi. Bila hayo, hakuna anayeweza kujua kama dawa ni maonyesho zaidi au kamera nzuri zaidi.