Ari 20: kupanda viazi ao maharagi?

Tuchukue mukulima wa Masisi mwenye ari 20 na dola 100 za kuanzia. Kwa kila zao, ahesabu bei ya mavuno ya ari 1, pamoja na yale yatakayoliwa nyumbani, kisha atoe mbegu, dawa na malipo ya walimaji. Kinachobakia ndiyo faida ya zao.

Tuseme ari 1 ya maharagi inaleta dola 6 na kula 2: inabakia 4. Viazi vinaleta 24 na kula 15, sababu mbegu yake ni nzito na mildiu inataka dawa: inabakia 9.

Viazi vinashinda, lakini ari 20 zingetaka dola 300. Kwa hiyo aweke viazi ari 4 (dola 60) na maharagi ari 16 (dola 32). Faida: 36 na 64, yaani 100.

Mildiu ikikata nusu ya viazi, kila ari itapoteza dola 3, jumla 12. Maharagi yatamubakizia 52. Bei zikibadilika sokoni, hesabu irudiliwe mbele ya kupanda.