Faida Halisi: Hesabu ya Kuku wa Shule huko Butali

Mkulima wa miwa wa Butali, katika kaunti ya Kakamega, huyajua maneno mawili ya wahasibu hata kabla hajayasoma kitabuni. Trekta lililobeba miwa yake lifikapo kiwandani hupandishwa mizani pamoja na shehena, na uzani huo wa kwanza, uliochanganya miwa na chuma, tela na magurudumu, ndio uzani ghafi; kisha miwa ikiisha kushushwa, trekta hupimwa tena likiwa tupu, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo uzani halisi, ambao kwa huo, wala si kwa ule wa kwanza, mkulima hulipwa.

Katika somo la Biashara maneno hayo hutumika kwa faida vilevile. Faida ghafi ni thamani ya mauzo ikiisha kutolewa gharama ya bidhaa zenyewe zilizouzwa. Faida halisi ni ile inayosalia baada ya gharama nyingine zote za kuendesha biashara kutolewa pia. Wako wasemao faida safi, na si kosa, lakini halisi ni neno bora zaidi, kwa kuwa asili yake ya Kiarabu ni kitu kilichotakasika na mchanganyiko, na kazi ya mhasibu ni kuondoa michanganyiko hiyo mmoja baada ya mwingine. Neno hili lisichanganywe na pesa taslimu iliyo sandukuni, kwani hapo ndipo miradi mingi ya shule hupotea njia.

Wanafunzi waweza kuanzisha kitalu cha miche, bustani ya sukumawiki au duka dogo la kalamu na madaftari, na kila mmoja wa miradi hiyo una mafunzo yake. Lakini nauchagua ufugaji wa kuku wa mayai, kwa sababu kuku hula kila siku, hutaga karibu kila siku, na kwa kila siku ipitayo thamani yake mwenyewe hupungua, na hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote kulionesha katika daftari.

Tuchukue mfano wa kubuni wa shule iliyo karibu na soko la Butali, iliyonunua mwanzoni mwa muhula tembe 50 walioanza kutaga, kila mmoja kwa shilingi 900. Muhula tuuhesabu kuwa siku 90. Kuku wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, kwa hiyo kundi lote litakula kilo 6 kila siku, yaani kilo 540 kwa muhula. Bei ya gunia la kilo 70 tuifanye shilingi 2,800, ambazo ni shilingi 40 kwa kilo. Wanafunzi, wakiogopa kupungukiwa, walinunua magunia 9 kwa shilingi 25,200. Wakalipa 1,500 za chanjo na dawa, na 1,300 za bodaboda. Walikusanya trei 112 za mayai, mbili zikavunjika, na zile 110 zilizosalia, bei ya trei ikiwa shilingi 350, zikagawanyika hivi: trei 90 ziliuzwa kwa fedha taslimu, 12 zikachukuliwa kwa deni na walimu, na 8 zikaenda jikoni mwa shule pasipo kulipiwa chochote.

Mwisho wa muhula mtunza fedha afungua sanduku. Zimeingia shilingi 31,500, zimetoka 28,000, na zilizobaki ni 3,500. Naye aandika ubaoni kwamba faida ni shilingi 3,500. Hakuiba wala hakudanganya, lakini hesabu yake si ya faida. Magunia yote 9 ameyahesabu kuwa yameliwa, ilhali ghalani mna kilo 90, thamani yake shilingi 3,600, ambazo ni mali ya muhula ujao. Mayai ya walimu ameyasahau, ingawa yameuzwa, na deni lenye tumaini la kulipwa ni sehemu ya mauzo, ilimradi liandikwe kwa jina na tarehe, nalo lifutwe bayana siku tumaini hilo litakapokatika. Mayai ya jikoni nayo ameyahesabu kuwa si kitu, ilhali shule ingeyanunua sokoni kwa bei ileile.

Tukiyarudisha yote hayo mahali pake, mauzo ni trei 110, yaani shilingi 38,500, na chakula kilicholiwa ni shilingi 21,600, kwa hiyo faida ghafi ni 16,900. Tukitoa dawa na usafiri, zasalia 14,100.

Hapo wengi wangefunga daftari, na hapo ndipo kuku mwenyewe adaipo haki yake. Tembe wa shilingi 900, akiisha kutaga kwa miezi 15, atauzwa kwa nyama kwa shilingi 450 tu, tuseme. Kundi zima litakuwa limepoteza shilingi 22,500, ambazo ni 1,500 kwa mwezi na 4,500 kwa muhula. Vitabu vingi huita jambo hili uchakavu, neno linalofaa mashine na mabanda. Kwa kiumbe chenye uhai napendelea upungufu wa thamani, kwa maana kuku hachakai kama nguo. Banda nalo, lililogharimu shilingi 24,000 na kutarajiwa kudumu miaka minne, hupungua 500 kwa mwezi, yaani 1,500 kwa muhula. Kuku akifa, thamani yake yote iliyosalia huandikwa hasara siku hiyohiyo, isingojee mwisho wa muhula.

Faida halisi, basi, ni shilingi 8,100, zaidi ya mara mbili ya ile ya sanduku. Lakini wanafunzi wamewalisha kuku na kuokota mayai kwa zamu, tuseme saa moja kila siku, pasipo ujira. Vitabu vya hesabu haviandiki ujira usiolipwa, nami sishauri uingizwe kwa siri. Uandikwe chini ya hesabu, mstari wa pekee: saa 90 kwa shilingi 60, jumla 5,400. Msomaji atajua papo hapo kuwa mradi huu, ukiajiri mtu, utabakiwa na 2,700.

Uthibitisho wa yote haya ni daftari la mayai, linaloandikwa kila jioni na watu wawili. Trei zilizokusanywa lazima zilingane na zilizouzwa, zilizokwenda jikoni, zilizovunjika na zilizomo ghalani. Zisipolingana, mayai yametoka kwa mlango usioandikwa. Kadhalika, kundi likionekana kumaliza kilo 7 au 8 kwa siku badala ya 6, ama chakula kinamwagwa na vihori vibovu, ama panya wanashiriki, ama gunia linapunguzwa na mkono wa mtu.

Tutazame sasa muhula wa baadaye, kuku wamezeeka na mayai yamepungua hata kufikia trei moja kwa siku, na kila trei yauzwa kwa taslimu. Mauzo ni shilingi 31,500, chakula ni kilekile cha 21,600, dawa na usafiri 2,800, na sanduku litakuwa na shilingi 7,100, zaidi ya maradufu ya zile za muhula wa kwanza, na darasa litashangilia. Lakini upungufu wa thamani wa kuku na banda, shilingi 6,000, haujasimama, na faida halisi imeshuka hadi 1,100. Ujira wa wanafunzi ukihesabiwa, mradi unapata hasara ya 4,300, na kamati ya mradi yapasa kukaa wiki hiyohiyo kuamua siku ya kuwauza kuku hao sokoni.