Kumbukumbu za Mweka Hazina: Kutoka Maradi hadi Kundi la WhatsApp

Mfumo wa vikundi vya hisa tunaoufuata leo ulianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la CARE lilipowasaidia wanawake kuunda vikundi vilivyoitwa Mata Masu Dubara. Wengi wao hawakujua kusoma, kwa hiyo hesabu zilitunzwa vichwani: salio lilitamkwa mbele ya wote kikao kikifungwa, na kikao kilichofuata kilianza kwa kulitamka tena. Baadaye mfumo ulipata sanduku la kufuli tatu na vitabu vya wanachama vinavyogongwa muhuri kwa kila hisa. Neno la mweka hazina peke yake halikutosha tangu mwanzo.

M-Pesa ilipoingia, Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mwanachama aliye safarini aliweza kutuma mchango wake. Lakini ujumbe wa muamala hutaja kiasi, hausemi pesa ni za nini. Tuseme mama mmoja ametuma shilingi 13,000: hisa tano za 2,000, mfuko wa jamii 1,000 na rejesho la mkopo 2,000. Rejesho hilo likiandikwa kama hisa, siku ya kugawana atapata faida isiyo yake, huku daftari likionyesha bado anadaiwa.

Ndipo kundi la WhatsApp likawa sehemu ya ofisi ya mweka hazina. Wanaoifanya vizuri kazi hii, na tunawaheshimu kwa hilo, huandika pesa zikiwa bado mezani: “Kikao cha 14. Salio la kufungua 240,000. Hisa 180,000. Marejesho 66,000. Mkopo uliotolewa 300,000, miezi mitatu, wadhamini wawili. Salio la kufunga 186,000.” Mfuko wa jamii huandikwa kando. Wahesabu fedha hujibu chini yake kwamba wamehesabu na kukuta kiasi hicho. Yeyote anaweza kujumlisha mwenyewe, na aliye mbali anaujua mkopo siku ileile ulipopitishwa.

Hata hivyo, kundi si sanduku. Ujumbe unaweza kuhaririwa muda mfupi baada ya kutumwa, unaweza kufutwa, na ukiwekwa mpangilio wa kutoweka, kumbukumbu za mzunguko mzima hupotea. Mwanachama akinakili ujumbe wa muamala na kuubandika kundini, huo bado si ushahidi, kwa kuwa tarakimu hubadilishwa kwa urahisi. Mweka hazina hulinganisha namba ya muamala na ujumbe uliofika kwenye simu ya kikundi. Akikosea hafuti, bali huandika ujumbe mpya wenye neno “Marekebisho”, akitaja kikao na kiasi. Kila mwisho wa mwezi hutoa mazungumzo kwa “Export chat”, huyachapisha, viongozi husaini kila ukurasa, na karatasi hizo hufungiwa sandukuni pamoja na vitabu. Akimaliza muda wake, mrithi wake hukabidhiwa karatasi na vitabu, na hatua yake ya kwanza ni kulinganisha salio la mwisho na pesa zilizomo.