Akordi Isiyoimbwa na Mtu: Kuhesabu Nyimbo za Kwaya za Baraka na Fizi

Mtafiti anayeingiza nyimbo za kwaya za Baraka na Fizi, mashariki mwa Kongo, katika programu ya kuchambua muziki huweza kuhitimisha, kwa kutazama jedwali la hesabu peke yake, kwamba kwaya hizo zimeziacha akordi sahili za tenzi (akordi ni noti kadhaa zinazosikika kwa pamoja) na kupendelea akordi zenye noti za nyongeza. Hitimisho hilo huenda likawa limetokana zaidi na programu kuliko waimbaji.

Katika music21, programu iliyoasisiwa na Michael Cuthbert katika taasisi ya MIT, amri ya `chordify()` huukata wimbo wima kila mara sauti yoyote inapobadilika, na kila kipande huhesabiwa kuwa akordi. Ichukuliwe, kwa mfano, sehemu ya mapigo manne ambamo waitikiaji wameshikilia do, mi na sol, huku mwimbishaji, ambaye ameingia kabla hawajamaliza, akiimba juu yao do, re, mi, re, noti moja kwa kila pigo. Programu itatoa akordi nne, na mbili kati yake zitakuwa na re ya ziada. Lakini kwa waimbaji akordi ni moja tu, na re ni noti ya kupitia. Kupima kwa muda badala ya idadi hakusaidii kitu, kwa sababu re inabaki na nusu ya muda wote.

Wapo wanaojibu kwamba makosa hupotea mkusanyo wa nyimbo unapokuwa mkubwa. Jibu hilo hufaa makosa ya kubahatisha, yanayovuta huku na huku. La mwimbishaji ni kosa la upande mmoja, kwa kuwa kuingia mapema ni desturi ya kawaida katika kuitana na kuitikiana, hivyo nyimbo elfu moja hazilipunguzi. Umbali kati ya noti nao huharibika vivyo hivyo pale mwimbishaji na waitikiaji wanapoandikwa katika mstari mmoja: programu hupima mruko kutoka noti yake ya mwisho hadi noti yao ya kwanza, mruko ambao hakuna koo lililouimba.

Kurudi kwenye sauti iliyorekodiwa, kama inavyofanya programu ya Tarsos ya Joren Six na Olmo Cornelis wa Ghent, huondoa tatizo jingine, la kulazimisha kila noti iangukie hatua za piano. Umbali wa senti 350, ulio katikati ya hatua tatu (senti 300) na nne (senti 400), hubaki ulivyo. Hata hivyo grafu ya senti haisemi ni noti ipi ya kupitia.

Simha Arom, aliyefanya utafiti Afrika ya Kati, alirekodi kila sauti peke yake huku mwanamuziki akiwasikiliza wenzake, kisha akawauliza wenyewe kipi ni sawa na kipi sicho. Kwa kwaya za Baraka na Fizi inatosha kuanza na hatua ndogo zaidi: mwimbishaji aandikwe mstari wake, waitikiaji wao, na akordi zihesabiwe mara mbili, pamoja naye na bila yeye. Hesabu isiyotaja imefuata njia ipi isikubaliwe kuwa ushahidi.